Mzee kasema 1961, nusu saa mbele kasema "ngoja, nimekosea". Muhtasari niuandikeje?

Mwanapongwe (mwenye uzi)

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Kuna kazi nimepewa na kikundi chetu, ya kurekodi wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kila mahojiano yanatakiwa yawe na sauti yenyewe, unukuzi wa neno kwa neno, na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa wasio na muda wa kusikiliza. Sauti ninayo, unukuzi nimemaliza. Muhtasari ndio umenikwamisha siku tatu.

Mzee wangu ni mtu wa Pangani, amefanya kazi korona upande wa Muheza. Nilirekodi kwa simu, na katikati simu ikaita, rekodi ikakatika, kwa hiyo nina mafaili mawili. La kwanza lina dakika 38 na sekunde 20, la pili dakika 34.

Faili la kwanza, 08:40, anasema: "Mimi korona nimeingia sitini na moja, mwaka wa uhuru. Kijana wa miaka ishirini."

Faili la pili, 06:15, nilikuwa namuuliza habari nyingine kabisa, za shule, akanikatiza: "Ngoja kwanza. Kule mwanzo nimekwambia sitini na moja. Nimekosea. Uhuru umetukuta mimi bado nasoma Pangani, tumepandisha bendera pale shuleni. Korona nimeingia Azimio limeshapita, shamba lishakuwa la serikali."

Nikaandika hivi: "Mzee alianza kazi korona mwaka 1961. Baadaye alisema alianza mwaka 1967." Mwenzangu kaisoma, kaniuliza: "Kwani aliacha kazi akarudi?" Hapo nikajua nimeharibu.

Mngeandika nini? Natanguliza shukrani.

---

Kijana wa Mkwakwani

Korona mwaka 1961? Mbona korona imekuja juzi tu hapa 2020. Huyo mzee usimtegemee kabisa, tafuta mwingine.

---

Mwanapongwe

@Kijana wa Mkwakwani 😂 korona ni kiwanda cha kusindika mkonge, mashine ile inayoponda majani na kutoa singa. Waulize wakubwa nyumbani kwenu, Tanga nzima wanaijua tangu kabla hujazaliwa.

---

Kijana wa Mkwakwani

Aisee. Samahani mkuu, nimejifunza kitu.

---

Wakili wa Mtaani

Hili jepesi. Kauli ya mwisho ndiyo inayoshika. Ni kama wosia, ukiandika wa pili wa kwanza umekufa. Andika 1967, hiyo 1961 isahau, usiitaje popote.

---

FundiMitambo

Mimi nimekaa na redio miaka mingi. Sisi tunakata. Mgeni akisema "samahani, nimekosea, siyo hivyo", kipande cha kwanza kinatoka, msikilizaji anasikia kilicho sahihi tu. Kata hapo 08:40 uunganishe, hakuna atakayejua.

---

Bibi Kaseti

Wanangu, hebu tulieni kidogo. Nimepiga chapa mahojiano ya kaseti tangu enzi za mashine ya kupigia chapa, kaseti ya dakika 90 inakula siku mbili nzima. Kosa la Mwanapongwe nimelifanya mara nyingi kuliko nyote hapo.

FundiMitambo, ya kwako ni sawa kwa redio, kwa sababu kipindi kina dakika zake na msikilizaji hatarudi kuangalia. Lakini huyu anaweka kumbukumbu. Sauti haiguswi, na unukuzi unabaki na vyote viwili, kila kimoja mahali kiliposemwa, pamoja na "ngoja kwanza" yake. Kazi ya kuchagua inafanyika kwenye muhtasari peke yake.

Na kwenye muhtasari, mwanangu, neno lililokuangusha ni "baadaye". Kwa Kiswahili chetu "baadaye" halisemi ni baadaye ya nini. Wewe ulikusudia baadaye katika mazungumzo, msomaji kaelewa baadaye katika maisha ya mzee. Ndiyo maana mwenzako kaona mtu aliyeajiriwa mara mbili. Vivyo hivyo "mwishowe", "kisha", "hapo awali". Ukisimulia maisha ya mtu, maneno hayo yanashika maisha yake, hayashiki rekodi yako. Wewe umepanga kauli kwa utaratibu wa kinasa sauti, kana kwamba ni matukio mawili. Tukio ni moja tu, mzee kaanza kazi. Kilichotokea mara mbili ni kulisema.

Kwa hiyo sentensi inaanza na msimamo wake wa mwisho, kwa lugha ya kawaida, kama vile hajawahi kusema kingine. Halafu kwenye mabano unamwambia msomaji kwamba alijirekebisha, na wapi. Hivi:

"Aliingia kazini korona baada ya Azimio la Arusha, shamba likiwa tayari la serikali (alijirekebisha mwenyewe, faili 2, 06:15, mwanzoni alitaja 1961, faili 1, 08:40)."

Na hiyo 1967 umeitoa wapi? Nimesoma nukuu yako mara mbili siioni.

---

Mwanapongwe

Shikamoo Bibi. 1967 ni mwaka wa Azimio, nikaona niiweke ili msomaji asisumbuke.

---

Bibi Kaseti

Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo sasa. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, hilo halina ubishi. Lakini mzee hakusema aliingia mwaka wa Azimio, kasema "Azimio limeshapita, shamba lishakuwa la serikali". Mkonge ulitaifishwa baada ya Azimio, wala si mashamba yote yaliyochukuliwa. Kwa maneno yake inaweza kuwa 1968, inaweza kuwa 1970. Ukiandika 1967 umemwondolea kosa lake ukampa la kwako. Alichokupa ni kipindi, mwandikie kipindi.

Na ile "kijana wa miaka ishirini" umeifanyaje?

---

Mwanapongwe

Nimeandika amezaliwa 1941. 20 kutoa kwenye 1961.

---

Bibi Kaseti

Haya, unaona kosa moja linavyozaa. Mwaka umeanguka, hesabu uliyoijenga juu yake nayo imeanguka. Umri wenyewe lakini haukuanguka, hakuugusa. Huenda anakumbuka vizuri kwamba alikuwa na miaka ishirini, kilichompotea ni mwaka tu. Tena ukisikiliza, mtoto anayepandisha bendera shuleni 1961 akifika ishirini baada ya Azimio inaingia akilini zaidi kuliko mtu mzima wa miaka ishirini aliye bado darasani. Lakini hiyo ni hesabu yangu mimi, si kauli yake, usiiandike. Andika kwamba anasema alikuwa na miaka ishirini alipoanza. Mwaka wa kuzaliwa ufute, labda kama kautaja kwingine.

Kila mtu akijirekebisha, rudi nyuma utafute ni nini kingine kwenye muhtasari wako kilikuwa kimeegemea kauli ile ya kwanza. Mimi huwa napita na kalamu nyekundu.

---

Shangazi wa Bagamoyo

Mmenikumbusha jambo. Hapa kwetu Bagamoyo kulikuwa na kikao cha mahari, kijana mmoja akarekodi kwa simu. Mjomba wa binti kasema laki tano, watu wakalia, wakabembeleza, mwisho kasema "haya basi, laki nne na nusu, na mkeka". Aliyeandika karatasi kasikiliza mwanzo wa rekodi tu, kaandika laki tano. Siku ya kupeleka, upande wa bwana wamekuja na nne na nusu, mkeka mzuri wa ukindu umekunjwa, wanaambiwa pungufu. Harusi ilichelewa saa mbili nzima, watu wanasikiliza simu nje chini ya mwembe! Kwa hiyo naunga mkono, ya mwisho ndiyo.

---

Bibi Kaseti

Shangazi, pole na harusi. Ila kwenu pale mtu alishuka bei, hakukosea. Laki tano ilikuwa kweli ndiyo aliyoitaka wakati anaitaja. Mzee wetu hakupatana na mtu juu ya mwaka wake. Kilichofanana ni yule mwandishi aliyeandika kabla hajasikiliza hadi mwisho, na huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Mimi siandiki hata mstari mmoja wa muhtasari kabla kaseti haijakata. Nikisikiliza naweka karatasi pembeni, dakika, alichosema, na jambo linalohusika. Jambo likijirudia naandika palepale kwenye mstari wake wa zamani. Mwisho nasoma kila mstari wenye dakika zaidi ya moja.

---

Mwanapongwe

Bibi, nimefanya hivyo jana usiku, na nimeibua balaa jingine. Faili la pili, 31:02, zimebaki dakika tatu tumalize, anasimulia afya yake: "Tangu sitini na moja huko mgongo huu unaniuma, kwa kubeba singa mbichi kwenda kuanika."

Sasa ya mwisho kabisa ni 1961! Wakili kasema ya mwisho ndiyo inayoshika. Nimrudishe 1961?

---

Wakili wa Mtaani

Hapo mkuu umenishika. Lakini kanuni ni kanuni. Ya mwisho.

---

Bibi Kaseti

Wakili, kwenye wosia mtu anakaa chini, anaita mashahidi, anajua anafuta wa kwanza. Mdomo hauko hivyo. Msimamo wa mwisho si lazima liwe neno la mwisho kutoka. Ni mara ya mwisho mtu alipolishika jambo lenyewe akaliamua.

Tazama 06:15. Hakuulizwa mwaka, kalirudia mwenyewe. Kaitaja kauli ya zamani, "kule mwanzo nimekwambia". Kasema wazi kakosea. Katoa sababu, bendera pale shuleni, na watu hukumbuka bendera. Kisha kaendelea kusimulia shamba la serikali kwa mtindo huohuo. Sasa tazama 31:02. Anazungumzia mgongo. Mwaka umepita njiani tu, mdomo umezoea "sitini na moja" kwa sababu wazee wengi wa rika lake kila kitu wanakipimia na uhuru. Hasemi "ile niliyokwambia ya Azimio siyo". Huko ni kuteleza, siyo kughairi.

Kwa hiyo sentensi yako haibadiliki. Unaongeza tu kwenye mabano kwamba 31:02 kaitaja tena 1961 kwa kupita, ili atakayesikiliza asidhani hukuisikia.

Na chunga "hapana". Sisi watu wa pwani tunaanza sentensi kwa "hapana" hata tukikubali. Nilimpigia chapa bwana mmoja, anaulizwa mlitoka saa nane? Anajibu, "Eeh. Hapana, eeh, saa nane." Kijana mmoja kaandika kwamba bwana huyo kakanusha. Hakukanusha kitu, alikuwa anajipangia maneno.

---

FundiMitambo

Hiyo ya "hapana" ni kweli tupu. Na kingine, Mwanapongwe, mafaili yako mawili angalia usije ukaandika 06:15 peke yake. Mtu atafungua faili la kwanza dakika ya sita, atakuta mnasalimiana. Ama utaje faili kama Bibi alivyofanya, ama ujumlishe. 38:20 na 06:15 inakuwa 44:35. Chagua njia moja uishike hadi mwisho.

---

Mwanapongwe

Ahsante fundi, nitataja faili.

Kuna la pili, nilikuwa naogopa kulileta. Mzee hana ncha ya kidole cha shahada. Faili la kwanza, 29:10, kasema nyapara aliwasha mashine bila kuangalia, yeye mkono uko ndani. Kamtaja kwa jina. Faili la pili, 19:30, kasema: "Yule nyapara nimemwonea. Mkono nilitia mwenyewe, nilitaka kuvuta jani lililokwama. Andika hivyo."

Hapa kila kitu ulichosema Bibi kipo. Kaitaja kauli ya zamani, katoa sababu, hata kaniambia niandike. Tatizo ni kwamba kati ya mafaili hayo mawili, simu ilipoita, aliingia jirani kuleta kahawa akakaa hapohapo kwenye mkeka. Jirani huyo ni mjukuu wa nyapara.

---

Shangazi wa Bagamoyo

Yesalaam.

---

Kijana wa Mkwakwani

Basi kauli ya kwanza ndiyo ya kweli. Kaona haya tu mbele ya mgeni. Andika ya kwanza.

---

Bibi Kaseti

Mjukuu wangu, umeona jambo la maana, kwamba aliyekaa chumbani anabadilisha maneno. Lakini kutoka hapo kwenda "ya kwanza ndiyo ya kweli" umeruka mto. Inawezekana pia kule mwanzo alikuwa anapamba hadithi, na sura ya mjukuu ikamkumbusha haki ya mtu aliyekwisha kufa. Mimi na wewe hatukuwa korona siku ile.

Muhtasari hausemi nini kilitokea kwenye mashine. Unasema mzee ana msimamo gani alipomaliza kuzungumza. Msimamo wake ni kwamba alitia mkono mwenyewe. Huo ndio unaoandikwa. Na kwa kuwa kauli ya kwanza ilikuwa ya kumlaumu mtu kwa jina na mwenyewe kaifuta, jina hilo silirudishi kwenye muhtasari hata kwenye mabano. Ningeandika: "Anasema alipoteza ncha ya kidole kwa kutia mkono mwenyewe kwenye mashine (amefuta maelezo tofauti aliyotoa mwanzoni; faili 2, 19:30)." Kisha juu ya ukurasa, pale unapoandika tarehe na mahali, unataja kwamba kuanzia faili la pili palikuwa na jirani. Bila jina, bila kusema ni mjukuu wa nani.

---

FundiMitambo

Bibi, hapo sikubaliani nawe. Ukitaja jirani bila kusema ni mjukuu wa nyapara, umempa msomaji habari isiyo na maana. Majirani wapo kila mahojiano. Kilicho na uzito ni undugu ule. Ama uuseme wote, ama usiseme kabisa.

---

Bibi Kaseti

Ukiusema wote umeshamwambia msomaji asiamini kauli ya mwisho. Umeifuta kwa mlango wa nyuma.

---

FundiMitambo

Na usiposema umemficha sababu ya kuitilia shaka. Na yeye ana haki.

---

Shangazi wa Bagamoyo

Mimi naona wote mna haki, nakwenda kupika.

---

Wakili wa Mtaani

Jamani, mzee si yuko hai? Pongwe na huko kwake ni mwendo wa daladala moja. Nenda kamuulize.

---

Bibi Kaseti

Wakili, leo umesema. Aende. Ila atakachojibiwa hakiingii kwenye muhtasari wa rekodi hii kana kwamba kilisemwa siku ile. Kinakuwa rekodi mpya yenye tarehe yake, na huku unaweka mstari mmoja tu, kwamba yako mazungumzo ya nyongeza. Na usimuulize "si ni baada ya Azimio, mzee?" Atakujibu eeh kwa adabu. Muulize ulianza lini, unyamaze.

---

Mwanapongwe

Wakuu, nimerudi. Nimekwenda leo asubuhi na mkate wa kumimina, nimerekodi dakika 11.

Mwaka: nimemuuliza alianza lini, nikanyamaza. Kanyamaza na yeye. Halafu: "Azimio limeshapita. Kaka yangu ndiye aliyeingia sitini na moja, mimi nimerithi chumba chake kambini." Kumbe! Mwaka ule haukutoka hewani, ni wa kaka yake. Nimeuweka kwenye rekodi ya nyongeza, muhtasari wa kwanza nimeuacha kama Bibi alivyouandika.

Kidole: nimemuuliza kilikatikaje. Kakitazama, kakunja mkono, kauliza, "Hiyo simu yako inasikika mpaka wapi?" Nikamwambia inawekwa mahali watu watakuja kusikiliza. Kasema, "Basi kama nilivyokwambia." Nikauliza, "Ipi mzee, ya mwanzo au ya mwisho?" Kamwita mjukuu wake aniletee mihogo ya kuchoma.

Hiyo nayo nimeinukuu neno kwa neno. Lakini muhtasari wa nyongeza, hapo kwenye kidole, bado ni mweupe.

---

FundiMitambo

Bibi?

---

Bibi Kaseti

Nasoma. Mwanapongwe, "kama nilivyokwambia" aliisema kabla au baada ya kukunja mkono? Nitumie sauti nisikilize mwenyewe kwanza.